Kwa nini kuongeza dau mara mbili baada ya kila hasara humaliza feza ya mtu mdogo

Katika makanisa yetu ya mashariki kuna habari inayopita kutoka telefone moja hadi nyingine. Wanasema kuna roboti, yaani programu inayocheza au kununua na kuuza feza za kigeni yenyewe, na kwamba roboti hiyo haiwezi kushindwa. Siri yake, wanasema, ni moja: kila inapopoteza, inaweka mara mbili ya ile feza iliyopotea. Siku itakaposhinda, na lazima siku moja ishinde, inarudisha yote na kubaki na faida. Roboti haina hasira, haina tamaa, hailewi, haichoki. Basi itakosaje?

Tunataka kulijibu swali hili kwa hesabu, si kwa kukemea. Wengi wanaolileta si wavivu wala wadanganyifu. Wamejaribu kwa juma mbili au tatu, wameona faida kila siku, na wanashuhudia walichokiona. Shida ni kwamba mpango huu umejengwa hivi kwamba karibu kila siku itaonekana nzuri, mpaka siku moja.

Mpango wenyewe si mpya. Wafaransa waliuita martingali tangu karne ya 18. Giacomo Casanova, mtu wa Venisi, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba aliutumia mezani, akashinda kwa muda, kisha akabaki mikono mitupu. Kilichobadilika leo ni kwamba telefone inaucheza badala ya mtu.

Tuufuate kwa dola

Tuchukue mchezo ulio rahisi kueleweka, ruleti, kwa sababu hesabu yake inajulikana kabisa. Ni gurudumu lenye vyumba 37: vyekundu 18, vyeusi 18, na kimoja cha kijani chenye namba sifuri. Kijipira kinarushwa na kutua katika chumba kimoja. Ukiweka dola 1 juu ya nyekundu na nyekundu ikatoka, unapata dola 1 ya faida. Ikitoka nyeusi au sifuri, dola yako imekwenda. Feza hiyo unayoweka tutaiita dau.

Tuseme kijana ana dola 127 katika akaunti yake. Roboti yake inaanza na dau la dola 1. Ikipoteza, inaweka 2. Ikipoteza tena, 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32, kisha 64. Wakati wowote itakaposhinda, inarudi kwenye dola 1 na kuanza upya. Safari moja kutoka dola 1 mpaka ushindi tutaiita mzunguko.

Angalia mzunguko mmoja. Roboti imepoteza 1, imepoteza 2, imepoteza 4. Jumla ya hasara ni dola 7. Inaweka 8 na kushinda. Imepata 8, imefidia 7, faida ni dola 1. Fanya hesabu hiyo mahali popote pa ngazi, jibu ni lile lile: kila mzunguko unaomalizika kwa ushindi unaleta dola 1 tu. Hata ukishinda kwa dau la 64, baada ya kupoteza 63, unaondoka na dola 1.

Sasa jumlisha madau yote saba: 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Ni 127, yaani akaunti yote. Hasara saba mfululizo zikija, hakuna tena cha kuweka. Dau la nane lingekuwa dola 128, naye hana hata senti.

Hapo ndipo mpango wote unaonekana ulivyo. Ushindi ni dola 1, hasara ni dola 127. Swali linalobaki ni moja tu: hasara saba mfululizo hutokea mara ngapi?

Hasara saba si muujiza

Kama ingekuwa sarafu ya haki, upande huu nusu na upande ule nusu, kupoteza mara saba mfululizo kungetokea kwa wastani mara moja katika mizunguko 128. Maana yake ungeshinda mizunguko 127, dola moja moja, kisha mmoja unachukua dola 127. Ulichokusanya na ulichopoteza ni sawasawa. Mpango haujaongeza kitu. Umekusanya tu hasara zote ndogo zilizopaswa kuja kidogo kidogo na kuziweka katika siku moja.

Lakini ruleti si sarafu ya haki, kwa sababu ya kile chumba cha sifuri. Ukicheza nyekundu, vyumba 19 kati ya 37 vinakupotezea. Zidisha 19/37 kwa yenyewe mara saba, unapata karibu 0.0094. Ni mzunguko mmoja kati ya 106. Basi kwa wastani kijana wetu anakusanya dola 105 moja moja, kisha anapoteza 127.

Ile tofauti inatoka wapi? Nyumba ya mchezo inabaki na sehemu moja ya 37 ya kila feza inayowekwa mezani, karibu senti 2.7 kwa kila dola. Kijana anafikiri anacheza dola 1, lakini madau yake yanapanda. Ukihesabu yote, kila mzunguko unapitisha mezani karibu dola 7 na senti 60 kwa wastani. Senti 2.7 kwa kila dola ya hizo ni kama senti 20. Kwa hiyo ile dola 1 anayoiona ikiingia inamdanganya: kwa wastani wa safari ndefu, kila mzunguko unamgharimu senti 20.

Watu wengi hapa wanajibu: lakini baada ya hasara sita, ya saba haiwezi kuja tena, nyekundu imekaribia. Gurudumu halikumbuki. Baada ya hasara sita, vyumba bado ni 37, na 19 bado vinakupotezea. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Kadiri ilivyoendelea, watu walizidi kuweka feza nyingi juu ya nyekundu, wakiamini kwamba zamu yake imefika. Walimaliza feza zao kabla nyekundu haijatoka. Wala haihitaji mara 26. Kwa akaunti ya dola 127, mara 7 zinatosha.

Nidhamu inabadili nini?

Wengine wanatuambia: tatizo ni tamaa. Sisi tuna nidhamu. Tunachukua dola 5 kwa siku, tukizifikia tunazima roboti mpaka kesho.

Nidhamu ni jambo jema, lakini tuipime katika hesabu hii. Dola 5 ni mizunguko mitano. Uwezekano wa mizunguko mitano yote kumalizika vizuri ni asilimia 95. Ndiyo maana karibu kila siku ni ya furaha. Siku mbaya, ile ya hasara saba, inakuja kwa wastani mara moja katika siku 21 au 22.

Sasa uliza: inachukua siku ngapi kurudisha mtaji wake wa dola 127? Kwa dola 5 kwa siku, ni siku 26. Kati ya watu 100 wanaoanza pamoja, ni kama 29 tu watakaofika siku ya 26 bila kupigwa. Wale 71 wengine wamepigwa kabla mtaji haujarudi. Na kuzima roboti jioni hakukuwasaidia, kwa sababu gurudumu halijui kwamba usiku umepita. Mzunguko wa kwanza wa kesho ni sawa kabisa na ule wa sita wa leo. Kugawa mizunguko 106 katika siku 21 hakupunguzi hata mmoja.

Je, akitoa faida kila Jumamosi na kuacha dola 127 tu? Hapo ile faida aliyoitoa imeokoka, ni kweli. Lakini siku mbaya bado itachukua 127 zote, na kwa wastani alichotoa mpaka hapo ni 105. Akiiacha ndani, pigo la kwanza linamwachia labda dola 100 hivi, na akaunti ya namna hiyo haibebi tena ngazi saba, inabeba sita tu. Hasara sita mfululizo huja mara moja katika mizunguko 55. Kwa hiyo pigo la pili linakuja upesi kuliko la kwanza, na la tatu upesi zaidi. Ndivyo akaunti ndogo inavyokwisha: kila pigo linakata ngazi, na ngazi fupi inavunjika haraka.

Kuna jambo lingine linaloshangaza. Tuseme shabaha ya kijana ni kugeuza dola 127 kuwa 254. Kwa mpango wa kuongeza mara mbili anahitaji mizunguko 127 bila kupigwa, na uwezekano wake ni kama asilimia 30. Kama angeweka dola 127 zote mara moja juu ya nyekundu, uwezekano ungekuwa karibu asilimia 49. Hatuandiki hivi ili mtu afanye upumbavu huo. Nusu ya wanaofanya hivyo wanakwenda nyumbani bila kitu. Tunaonyesha tu kwamba ule utaratibu wa uvumilivu, unaoonekana wa hekima, ni mbaya kuliko upumbavu wenyewe. Sababu ni ile ile: feza nyingi zaidi inapita mezani, na kila inapopita, nyumba inachukua sehemu yake.

Roboti inabadili nini?

Roboti inafuata amri bila kukosea. Haitasahau kuongeza dau, haitaogopa kwenye dau la 64. Lakini ilichopewa kufuata ni ile ngazi tuliyoieleza, na ngazi ina mwisho. Roboti inatembea mpaka mwisho huo kwa uaminifu kamili.

Kitu kimoja roboti inakibadili kweli: mwendo. Mzunguko mmoja una madau mawili kwa wastani, kwa hiyo mizunguko 106 ni madau kama 216. Kijana anayecheza mizunguko mitano kwa siku anayamaliza kwa majuma matatu. Roboti iliyoachwa iendelee, ikiweka dau moja kila sekunde 10, inayamaliza kwa dakika 36.

Wengine wanasema dawa ni akaunti kubwa. Ili kuongeza ngazi moja tu, kutoka saba hadi nane, unahitaji dola 255 badala ya 127. Kwa ngazi kumi unahitaji dola 1,023. Kweli, pigo linakuja mara chache zaidi, karibu nusu kwa kila ngazi. Lakini pigo lenyewe limekuwa mara mbili. Mtu amenunua muda wa kungoja, hakununua usalama. Tena nyumba nyingi za mchezo zinaweka kikomo cha dau, na kikomo hicho kinakata ngazi hata kwa tajiri.

Na katika feza za kigeni?

Roboti nyingi zinazouzwa hazichezi ruleti, zinanunua na kuuza feza za nchi, kwa mfano euro kwa dola. Wauzaji wanasema hiyo ni biashara, si mchezo wa bahati. Biashara hiyo ipo kweli. Lakini tuangalie roboti inayoongeza mara mbili inavyofanya ndani yake.

Tuseme euro 1 ni dola 1.1000. Roboti inanunua euro 1,000 kwa feza ya kukopeshwa na dalali, ikitumaini bei itapanda. Bei ikishuka hadi 1.0980, haikubali hasara. Inanunua euro 2,000 nyingine. Ikifika 1.0960, inanunua 4,000, na hivyo hivyo kila bei inaposhuka hatua hiyo. Ni ngazi ile ile. Bei ikirudi juu hatua moja tu, hasara yote inafutika na faida ndogo inabaki. Kwa kuwa bei mara nyingi hupanda na kushuka kidogo kidogo, roboti inashinda siku nyingi.

Lakini bei ikishuka bila kurudi hadi 1.0880, roboti imenunua mara saba, na sasa inashikilia euro 127,000. Hasara yake ni dola 240. Bei ishuke hatua moja zaidi, hadi 1.0860, hasara inafika dola 494. Mwenye akaunti ya dola 500 amekwisha. Kwa kweli amekwisha mapema zaidi, kwa sababu dalali hangoji senti ya mwisho; feza ya dhamana ikipungua, anafunga yote yenyewe. Na euro imeshuka kiasi gani? Karibu asilimia 1.3. Hiyo si vita wala msukosuko wa dunia. Ni mwendo unaoweza kuonekana ndani ya juma moja la kawaida.

Msukosuko nao ukija, ni vibaya zaidi. Benki kuu ya Uswisi ilikuwa imetangaza tangu Septemba 2011 kwamba haitaacha euro ishuke chini ya franka 1.20 za Uswisi. Kwa miaka zaidi ya mitatu, kununua euro kila iliposogea karibu na 1.20 kulionekana kuwa salama kabisa. Tarehe 15 Januari 2015 benki iliacha ahadi hiyo, na ndani ya dakika chache euro ilianguka chini ya franka 1. Waliokuwa wamejaza akaunti zao kwa ununuzi wa namna hiyo hawakupata hata nafasi ya kuuza. Wengine walibaki na deni kwa dalali.

Namna ya kuitambua

Mtu akikuletea roboti, mara nyingi hatasema neno martingali. Atasema ni mfumo wa kurudisha hasara, au wa kusawazisha bei. Usimwulize jina, mwombe akuonyeshe orodha ya mambo ambayo roboti imefanya. Tafuta siku ambayo bei ilikwenda kinyume, uangalie ukubwa wa kila ununuzi. Ukiona 0.01, 0.02, 0.04, 0.08, umeiona ngazi. Wengine wanazidisha kwa moja na nusu badala ya mbili, ili ionekane pole. Ngazi inakuwa ndefu kidogo, lakini mwisho bado upo.

Kisha angalia namba mbili zilizoandikwa kwenye skrini ya telefone: `Balance` na `Equity`. Ya kwanza inahesabu tu biashara zilizokwisha kufungwa. Ya pili inahesabu pia hasara ambazo bado ziko wazi. Roboti ya namna hii haifungi hasara, kwa hiyo `Balance` inapanda kila siku kama ngazi nzuri, huku `Equity` ikiwa chini yake, mara nyingine chini sana. Picha zinazotumwa kwa vikundi vya telefone kwa kawaida zinaonyesha ile ya kwanza.

Mwishowe uliza swali moja: roboti hii inabeba hasara ngapi mfululizo, na ikifika hapo inapoteza feza ngapi? Mwenye kuifahamu anaweza kujibu kwa namba mbili. Weka namba hizo karibu na faida ya siku moja, uone ni siku ngapi za faida zinahitajika kulipa siku moja ya hasara. Akijibu kwamba hilo haliwezi kutokea, basi hajaihesabu, au hataki uihesabu.

Swali hili ni zito zaidi pale feza si ya mtu mmoja. Tunawaandikia hasa wanaoshika feza za likelemba, za kikundi cha mama, za ujenzi wa kanisa, au minerval ya watoto inayongoja mwanzo wa mwaka wa shule. Feza hizo zina tarehe yake. Roboti inayoongeza mara mbili inaweza kuleta dola 5 siku ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Lakini siku itakayochukua zote haijulikani, na mwenye zamu ya likelemba atakuja siku yake.